"INASHUGHULIKIWA" SIO JIBU. ULIZA FAILI LINASUBIRI KARATASI GANI

Wafanyabiashara wenzangu, leo niongee na wale wenye bima ya mzigo, waliopata hasara, wakapeleka madai, na sasa kila wakipiga simu wanaambiwa "inashughulikiwa".

Mimi naona tatizo linaanzia kwenye swali tunalouliza. Ukiuliza "dai langu limefikia wapi?", yule wa huduma kwa wateja anaona neno moja tu kwenye kompyuta, anakusomea, basi. Uliza hivi: "Faili namba fulani linasubiri karatasi gani, na liko kwa nani?" Iandike kwa barua pepe kwenda kitengo cha madai cha kampuni yenyewe. Weka namba ya dai na namba ya hati ya bima. Wakala aliyekukatia bima mpe nakala, lakini usimtegemee yeye peke yake, maana anayelipa ni kampuni.

Kwa moto, karatasi zinazotakiwa mara nyingi ni fomu ya madai, ripoti ya Zimamoto, ripoti ya polisi, picha, na uthibitisho wa mzigo uliokuwepo. Hizo za kwanza watu wengi wanazo. Ukiambiwa ripoti ya Zimamoto au ya polisi bado, ifuatilie mwenyewe kule ilikofunguliwa. Pia angalia majina. Kama bima ina jina la biashara na risiti zina jina lako, ambatisha cheti cha usajili wa jina la biashara kinachoonyesha mmiliki ni wewe.

Ila inayotukwamisha zaidi sisi wa mtandaoni ni ile ya mwisho. Mkadiria hasara akija anakuta majivu. Hawezi kuyahesabu majivu. Anataka umwonyeshe kulikuwa na nini, na ulinunua kwa bei gani. Na sisi tunanunua Kariakoo, tunalipa kwa simu, risiti hatudai.

Tuchukue mfano. Dada anauza mikoba Instagram, stoo yake ni chumba kimoja, kimeungua. Mwezi wa kwanza alihesabu mzigo, ulikuwa wa 2,500,000 kwa bei ya kununulia. Toka hapo hadi siku ya moto amenunua wa 5,100,000. Mauzo yake ni 4,800,000. Mkoba anaununua 30,000 anauuza 40,000, kwa hiyo mikoba iliyouzwa aliinunua kwa 3,600,000. Sasa piga hesabu: 2,500,000 jumlisha 5,100,000, toa 3,600,000. Stoo ilikuwa na mzigo wa 4,000,000. Mikoba ya 400,000 imeokolewa ikiwa mizima. Hasara ni 3,600,000.

Kwenye fomu yeye kaandika 4,800,000, kwa sababu kahesabu kwa bei ya kuuzia. Hapo ndo faili linapolala. Bima ya kawaida ya mzigo inarudisha ulichopoteza, sio faida uliyotegemea kupata. Mkadiria akiona namba zake na zako hazikutani, anaandika barua ya kuomba maelezo. Barua ikienda kwa wakala na isikufikie, wewe unaendelea kuambiwa "inashughulikiwa".

Risiti huna? Chukua stetimenti ya M-Pesa au ya benki, weka alama kwenye kila malipo uliyomtumia muuzaji wa jumla. Mrudie huyo muuzaji umwombe nakala za risiti za EFD alizotoa. Ongeza risiti za mabasi yaliyokuletea mzigo, na oda za WhatsApp zenye tarehe. Kisha panga vyote kwenye ukurasa mmoja: tarehe, bidhaa, idadi, bei ya kununulia, ushahidi namba ngapi. Ila usijaze bidhaa ambayo haikuwepo. Uongo mmoja ukigundulika, dai zima linaweza kukataliwa.

Ukipeleka, nenda na nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe. Hapo hakuna wa kukuambia "hatujaiona".

Kila kitu kikishapokelewa na bado wako kimya, andika barua ya malalamiko kwa kampuni. Isipojibiwa, au jibu lisipokuridhisha, nenda TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO). Pale ndo muhuri wako utakapofanya kazi.

Na siku ukiletewa karatasi ya kukubali malipo, soma kiasi kabla ya kusaini. Mara nyingi imeandikwa kuwa hayo ni malipo kamili na ya mwisho. Kama wamekata kitu, wakuandikie kwanza wamekata nini na kwa nini.

Mwenye dai limekwama, aandike hapo chini: umeambiwa wanasubiri karatasi gani?