BARUA YA KUMDAI MKANDARASI ALIYETUACHIA GHALA NUSU

Ndugu Wanakijiji, barua hii imeshapelekwa kwa mwenyewe kwa mkono na amesaini kwenye daftari letu kwamba ameipokea. Tunaibandika hapa ili kila mwanaushirika aisome, na asiyejua kusoma asomewe.

Ndugu Mkandarasi,

Tarehe 9 Juni 2025 tulisaini mkataba na wewe wa kujenga ghala la ushirika kwa shilingi 24,000,000, likamilike kabla ya mwisho wa Oktoba. Siku ileile tulikupa malipo ya awali 15,000,000. Tarehe 14 Agosti mafundi wako walipanda pikipiki wakaondoka, na mpaka leo hii hawajarudi. Simu unapokea, halafu unasema "wiki ijayo". Wiki ijayo hiyo haina Jumatatu?

Unasema hela yote imeishia kwenye kazi. Basi tuhesabu. Tulikuita kwa maandishi uje tupime pamoja, hukuja, tukapima mbele ya mashahidi na fundi wa kijiji kingine asiye na upande. Ukuta ukiuzunguka wote ni mita 46. Tofali lako la inchi sita, pamoja na udongo wa saruji wa kuungia, linachukua sentimita 46. Kwa hiyo kozi moja ni matofali 100. Tulifukua pembe mbili za msingi tukakuta kozi tano chini, na juu ya ardhi zipo sita. Jumla ni kozi kumi na moja, yaani matofali 1,100, na hapo hata uwazi wa mlango tumekuhesabia kama umejengwa. Karatasi yako inasema 2,600. Hayo 1,500 yamejengwa wapi?

Tena tofali zenyewe tumezikwaruza kwa msumari. Za msingi ni ngumu. Za kozi mbili za juu zinamomonyoka kama ugali uliolala, maana mfuko mmoja wa saruji mliunyoosha mno. Kozi hizo mbili itabidi zibomolewe.

Hata hivyo hatukukuonea. Msingi, zege, mchanga, kokoto, ufundi na kozi zilizo nzima, fundi yule amekadiria 6,200,000. Tulikupa 15,000,000, kwa hiyo unayo yetu 8,800,000. Ongeza 140,000 tulizonunulia nailoni ya kufunika ukuta usinyeshewe, stakabadhi ipo. Jumla ya deni ni 8,940,000.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Inaangalia pia kama mwenye hasara alijitahidi kuipunguza, ndiyo maana ya ile nailoni. Lakini haitoi fidia kwa hasara ya mbali. Kwa hiyo wale wenzetu waliotaka tukudai na faida ya alizeti ambazo zingeuzwa kwa bei nzuri mwakani, tumewakatalia. Ukidai ya mbali, hakimu anaanza kukutilia shaka hata ya karibu.

Tunakupa siku 21 tangu upokee barua hii. Rudi umalize kwa maandishi mapya, bila kuongezewa hata senti mpaka ukuta ufike kwenye linta, au rudisha 8,940,000. Usipofanya lolote tunafungua kesi ya madai, na malalamiko yanakwenda Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Toroli zako mbili na mashine ya kufyatulia tofali zimefungiwa ofisini, orodha imesainiwa. Vijana walitaka kuziuza tufidie. Tumekataa, maana hapo wewe ndiye ungekuwa mdai na sisi wezi.

Hapa tunawageukia ninyi Wanakijiji. Msitume mtu polisi akamatwe. Deni la mkataba ni la mahakama ya madai, labda tuthibitishe alikuja na nia ya kutapeli tangu mwanzo, na hilo hatuna ushahidi nalo: mtapeli hachimbi msingi mzuri vile. Na mtu asiguse ukuta ule kabla kesi haijaamuliwa au picha na vipimo havijakubaliwa na pande zote. Fundi mpya akiweka tofali moja juu, nani atajua la nani?

Kosa letu nalo tuliseme. Tulitoa zaidi ya nusu ya hela kabla jembe halijagusa ardhi, kwa sababu alikuja na gari na karatasi yenye mhuri. Tungelipa kwa hatua, msingi ukiisha kiasi, linta kiasi, bati kiasi, leo tungekuwa tunamdai kozi mbili mbovu tu. Kamati iliyosaini, na sisi tumo, itajibu maswali kwenye mkutano wa wanachama siku ya 22, saa nne asubuhi, palepale kwenye ghala. Kila mtu aje na kamba yake apime.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Ushirika,
Busi.