Benki ya nyumbani ituwekee programu yake Play Store ya Oman



Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu benki moja ya Tanzania. Mimi ni mteja wake wa miaka mingi, ila naishi na kufanya kazi Maskati. Niliponunua simu mpya niliitafuta programu yake Play Store, sikuiona. Benki ikanitumia kiungo, nikakifungua, nikaambiwa haipatikani katika nchi yangu. Nilipolalamika, huduma kwa wateja wakajibu kwamba tatizo ni simu, nisasishe mfumo.

Simu haina kosa. Mpwa wangu amekuja kututembelea kutoka Unguja na simu ya aina hiyohiyo. Tumekaa sebule moja, tunatumia intaneti moja, na yeye anaipakua bila taabu. Tofauti ni kwamba akaunti yake ya Google imewekwa Tanzania, yangu Oman. Duka halikuulizi pasipoti. Anayetaka kujua akaunti yake ni ya wapi aguse picha yake ndani ya Play Store, aingie Settings, General, kisha Account and device preferences, atazame Country and profiles.

Kuna wanaonishauri nibadili nchi. Google inataka niwe nipo Tanzania na niwe na njia ya malipo ya huko, na nikishabadili sitaweza kubadili tena hadi mwaka upite. Salio nililonalo dukani kwa Oman halitatumika Tanzania, na programu za huku zisizotolewa Tanzania nazo zitanipotea. Nipate benki, nikose za kazini?

Anayeamua programu ionekane wapi ni mwenye programu. Anapoiweka dukani hupewa orodha ya nchi, akatia alama anazotaka. Kwa Apple ni vivyo hivyo. Wapo wenye sababu za kweli: haki za kuonyesha mpira au filamu huuzwa nchi kwa nchi, na benki nayo yaweza kuhofia kuonekana inasaka wateja pasipo leseni. Lakini mimi akaunti nimeifungua Zanzibar, na programu yenyewe haimpi huduma asiye mteja. Kuonekana kwake dukani Oman hakumfungulii mgeni akaunti.

Kwa sasa wenzetu wengi huku wanatumiana faili la APK kwenye makundi ya WhatsApp. Programu ya benki, jamani! Nani anajua aliyelitengeneza hakupachika kitu cha kunasa namba ya siri?

Naiomba benki itazame anwani za wateja wake walio nje, kisha iongeze Oman na nchi nyingine wanakoishi katika orodha yake. Na wanaopokea simu za wateja wafundishwe kuuliza kwanza: akaunti yako ya duka ni ya nchi gani?

Wako,
Mteja mwenye kero,
Maskati, Oman