Kulipia Filamu Si Kupewa Ufunguo Wake

Mwandishi mmoja anadai kwamba filamu aliyoinunua Apple TV ni yake, basi abadili .m4v iwe .mp4 na yaishe. Hayaishi. Faili hilo limefungwa kwa FairPlay, na ufunguo hupewa kifaa kilichoidhinishwa tu. HandBrake ikilipokea haipati picha ya kubadili, bali data iliyovurugwa. Kubadili jina la faili hakugusi kufuli, na kulivunja ni kosa kisheria katika nchi nyingi.

Uchungu wake naukubali: filamu ikiondolewa dukani, huenda isipakuliwe tena. Kwa hiyo aipakue sasa, aweke nakala ya faili hilohilo kwenye diski ya nje, na aitazame kwenye kompyuta alizoziidhinisha, zisizozidi 5. Akitaka faili lisilo na kufuli, anunue kwa mtayarishaji anayeliuza hivyo.