Miezi Kumi na Moja ya Moi's Bridge

Kuna pesa kwenye hati yako ya mshahara ambayo si yako bado, na hakuna aliyekuambia. Imeandikwa pale chini, mchango wa mwajiri, karibu na jina lako, na ukiiangalia kila mwisho wa mwezi unajihisi mtu aliyejiwekea kitu. Barua ya kuajiriwa nayo iliitaja kwa mbwembwe: mshahara huu, bima ya afya hii, na pensheni ambayo kampuni inaongeza asilimia kumi juu. Wakati wa kujadiliana mshahara waliihesabu kama sehemu ya malipo yako. Siku ya kuondoka ndipo utaambiwa ilikuwa zawadi, na zawadi ina masharti.

Hili jambo nalitazama kutoka Moi's Bridge, mji ambao wengi wenu mnaujua kama msongamano wa malori kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Wazee bado wanauita Hoey's Bridge wakisahau. Kazi hapa zinafuata mahindi. Mavuno yakiiva, mabohari yanaajiri, wenye malori wanaajiri, kampuni za mbegu na mbolea zinatafuta vijana wa mauzo, sako zinataka maafisa wa mikopo wa kuzungukia wakulima. Halafu msimu unaisha, na watu wanasogea Eldoret, Kitale, Nairobi. Kijana wa hapa akifikisha miaka thelathini ameshapita waajiri wanne au watano. Si kwamba hajatulia. Kazi zenyewe ndizo hazijatulia.

Sasa sheria inasemaje? Mifuko ya pensheni ya waajiri nchini inasimamiwa na RBA, chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997 na kanuni zake za 2000. Mchango wako mwenyewe, ule unaokatwa kwenye mshahara, ni wako tangu siku ya kwanza. Hata ukifukuzwa kesho, ni wako pamoja na faida uliyozaa. Mchango wa mwajiri ni hadithi nyingine. Skimu inaruhusiwa kusema kwamba huo unaiva baada ya mwaka mmoja wa uanachama. Ukitoka kabla, unabaki nyuma.

Mwaka mmoja tu, utasema, kuna kelele gani hapo? Nakubali kwamba wengine wana hali mbaya zaidi. Binamu yako aliyeenda Marekani kukimbia kwa skolashipu na akabaki kufanya kazi huko, mwajiri wake anaruhusiwa kumwekea hadi miaka mitatu bila senti, kisha yote kwa mkupuo, au kumgawia polepole hadi mwaka wa sita. Na hiyo ni baada ya marekebisho. Mwaka 1963 kiwanda cha magari cha Studebaker kilifungwa South Bend, Indiana, na mfuko wa pensheni haukutosha. Zaidi ya wafanyakazi 4,000 walipata takriban asilimia 15 ya walichostahili. Wengine karibu 2,900, vijana na wale ambao hawakuwa wametimiza miaka kumi, hawakupata chochote. Aibu ile ilisaidia kuzaa sheria yao ya pensheni ya 1974. Lakini kwamba jirani anapigwa kwa rungu si sababu ya mimi kushukuru kiboko.

Tatizo la mwaka wetu mmoja ni swali dogo: unahesabiwa kuanzia lini? Wengi wanadhani kuanzia siku walioripoti kazini. Hapana. Unahesabiwa kuanzia siku ulipoingizwa kwenye skimu, na mwajiri mwingi hakuingizi hadi umalize kipindi cha majaribio. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, na yanaweza kuongezwa miezi mingine sita ukikubali. Nani anakataa, ukiwa na kodi ya nyumba?

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini wa kawaida kabisa. Dada mmoja ni afisa wa mikopo, mshahara wa shilingi 40,000. Ameajiriwa tarehe 1 Februari 2024. Majaribio miezi mitatu, kwa hivyo anaingia kwenye skimu tarehe 1 Mei. Anachanga asilimia 5, yaani shilingi 2,000 kwa mwezi, na mwajiri asilimia 10, yaani 4,000. Machi 2025 anapata kazi Eldoret inayolipa 43,000. Anatoka tarehe 31 Machi. Kichwani mwake amefanya kazi miezi kumi na minne, mwaka umepita zamani. Kwenye vitabu vya skimu ana miezi kumi na moja.

Anapewa 22,000 zake na faida kidogo. Shilingi 44,000 za mwajiri, zilizokuwa zikisomeka kwenye taarifa yake, zinafutwa. Angekaa hadi mwisho wa Aprili, mwezi mmoja tu, angemiliki 48,000 za mwajiri. Kazi mpya inamwongezea 3,000 kwa mwezi, kabla ya kodi. Itamchukua miezi kumi na sita ya nyongeza hiyo kurudi pale alipokuwa kabla ya kuharakisha. Hiyo ndiyo bei ya siku thelathini, na hakuna mtu ofisini aliyefungua mdomo kumwambia, ingawa karani aliyempigia hesabu za mwisho aliiona tarehe.

Na usidhani ukijua tarehe umeponyoka. Ukiandika barua ya kuacha kazi wakati umebakisha wiki tano, ukitarajia notisi ikubebe hadi upande wa pili, bosi anaweza kukulipa notisi yako na kukuambia urudishe funguo leo. Kama hiyo inafanya leo kuwa siku yako ya mwisho ya utumishi, uanachama umekatika leo. Pesa ya notisi umeiona mkononi, umefurahi, na umepoteza mchango wa mwajiri bila kujua. Mwenye busara huvuka tarehe kwanza, ndiyo aandike barua.

Kuna kitu kingine kinachochanganya watu, na nakitaja kwa sababu huwafanya wapigane vita isiyo yao. Kunyimwa mchango ambao haujaiva si sawa na kufungiwa ulioiva. Yule dada angevuka mwaka, angeruhusiwa kuchukua michango yake yote, na ya mwajiri hadi nusu. Nusu nyingine ingebaki kwenye skimu, au angeihamishia skimu ya kazi mpya, hadi afike umri wa kustaafu. Watu huona nusu hiyo imezuiliwa, wanapiga kelele mitandaoni kwamba wameibiwa. Hawajaibiwa, ile ipo, ina jina lao, inaendelea kukua. Aliyepoteza ni yule wa miezi kumi na moja, na yeye kwa kawaida hanung'uniki, kwa sababu hakujua kulikuwa na kitu.

Pesa yake inaenda wapi? Hili ndilo swali ninalotaka mlishike. Haiyeyuki. Hati ya udhamini na kanuni za kila skimu huwa inasema: inaingia kwenye akiba ya skimu, au inalipia gharama za uendeshaji, au inampunguzia mwajiri mchango wake wa baadaye. Hiyo njia ya mwisho ifikirie vizuri. Kampuni yenye watu wanaoingia na kutoka kila msimu inaweza kulipia sehemu ya pensheni ya meneja, aliyekaa miaka kumi, kwa pesa zilizoachwa na vijana wa mauzo. Maskini wa ofisi anachangia uzee wa tajiri wa ofisi, na vitabu viko safi kabisa.

Waajiri wana jibu, na si la kijinga. Wanasema kumfundisha mtu ni gharama, na mfuko usiofungwa unakuwa zawadi kwa mtu anayepita njia. Wanasema pia kusimamia akaunti ndogo ndogo za watu waliotoka zamani ni usumbufu. Haya. Lakini gharama ya mafunzo ni ya mwanzoni, na wao wenyewe wamejilinda nayo kwa majaribio: miezi ile mitatu au sita hawakuchanga kitu. Kumwekea mtu majaribio kisha kumwekea mwaka mwingine juu yake ni kumjaribu mara mbili kwa kosa ambalo hajafanya. Na anayepewa kandarasi ya miezi kumi na moja, jambo ambalo hapa kwetu ni mazoea, hakupita njia. Amepitishwa. Mwajiri ndiye aliyechagua urefu wa kandarasi. Hawezi kuchagua tarehe ya mwisho, kisha akamwadhibu mtu kwa kutokaa.

Tena tazama NSSF. Pale mwajiri na mfanyakazi kila mmoja anatoa asilimia 6 hadi kiwango cha juu kilichowekwa, na hakuna anayekuuliza umekaa miezi mingapi. Ukihama kutoka Moi's Bridge hadi Mombasa nambari ni ile ile, na alichotoa bosi wa zamani kiko palepale. Kama inawezekana kwa mfuko mkubwa kuliko yote nchini, wenye mamilioni ya akaunti ndogo, hoja ya usumbufu imekufa. Na kuna chumvi kwenye kidonda: Sheria ya Ajira, kifungu cha 35, inamnyima malipo ya utumishi mtu ambaye ni mwanachama wa skimu ya pensheni au NSSF. Sheria inamhesabu kama mwanachama pale inapomnyima. Pale anapodai cha mwajiri, anaambiwa uanachama wake bado mchanga.

Ninachotaka ni mchango wa mwajiri uwe wa mfanyakazi siku unapoingia, kama ule wake mwenyewe. Haihitaji kungoja Bunge. Mwaka mmoja wa kanuni ni kikomo, si amri. Skimu yoyote inaweza kuandika kwamba kwake unaiva mara moja, na zipo zinazofanya hivyo.

Kwa skimu za michango kama hii, wanachama wana haki ya kuteua nusu ya wadhamini. Skimu inatakiwa kufanya mkutano wa wanachama kila mwaka, ule ambao huwa mnaenda kwa sababu ya soda na fulana. Uliza nakala ya kanuni za skimu kabla ya siku hiyo. Tafuta tarehe yako ya kujiunga kwenye taarifa ya mwaka, uilinganishe na ya barua ya kuajiriwa. Kisha kwenye mkutano simama, na kabla hawajafika kwenye maombi ya kufunga, uliza mwaka jana skimu ilibaki na shilingi ngapi za watu waliotoka kabla ya mwaka, na nani alizitumia.