Hesabu Itolewe kwa Maandishi

Mwezi huu tumeletewa nakala ya barua iliyoandikwa na mwenzetu mmoja, karani wa Serikali hapa Kyela, naye ametupa ruhusa kuipiga chapa pasipo kutaja jina lake. Ndugu huyu atatimiza miaka 60 baada ya miezi sita, na kwa sheria hapana budi aache kazi. Amekwisha kupatana na mtu bei ya shamba la mpunga upande wa Ipinda, na mwenye shamba anangoja fedha. Watu wengi wamemwambia atapata kiasi gani, wala hapana wawili waliotaja kiasi kimoja. Basi akaona heri kuiuliza ofisi yenyewe. Barua yake ni hii:

"Bwana, kwa heshima nakuarifu ya kuwa natarajia kustaafu kwa umri wa lazima. Naomba niletewe kwa maandishi hesabu ya mkupuo wangu na ya pensheni yangu ya mwezi, nayo ionyeshe mambo haya: kwanza, miezi ya michango iliyohesabiwa, tangu mwezi gani hata mwezi gani, pili, mishahara ya miaka mitatu iliyotumika kupata wastani, tatu, kigawanyo na kizidisho kilichotumika, nne, sehemu katika mia niliyopewa kuwa mkupuo, na sababu ya kuwekwa katika sehemu hiyo, tano, makato yoyote, na kila kato limetoka wapi. Nakala ya barua hii nimempelekea mwajiri wangu. Ni mimi, Bwana, mtumishi wako mtiifu."

Wako watakaosema kwamba barua hii ni ya ukaidi, na kwamba mtumishi mwenye adabu hungoja apewe. Sisi hatuoni hivyo. Jumla peke yake haiwezi kusahihishwa na mtu yeyote, hata na ofisi iliyoitoa. Mtu akiambiwa "utapata shilingi kadha wa kadha," atasema nini? Atasema ni kidogo, basi. Na neno hilo si hoja. Lakini akionyeshwa miezi, mishahara na sehemu, ataweza kuweka kidole mahali penye kosa na kusema, "Ni hapa." Kwa hiyo tumeona yafaa kuifuata barua hii neno kwa neno, tukitumia hesabu ya ndugu yetu huyu.

Kwanza tuelewe kwa nini watu walimtajia kiasi mbalimbali. Mwaka 2018 mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa Mfuko mmoja wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Kanuni zilizotolewa baadaye ziliweka mkupuo kuwa sehemu 25 katika mia kwa watu wote. Wafanyakazi walinung'unika sana, hasa wale waliokuwa wakitarajia nusu nzima, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliamuru kanuni za zamani ziendelee kutumika kwa muda. Tangu 1 Julai 2022 sehemu ikawa 33 kwa wote. Kisha katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ilitangaza kwamba wale ambao zamani wangepewa 50 watapewa 40, na wale ambao wangepewa 25 watapewa 35. Basi mzee aliyestaafu mwaka 2017, na yule wa 2023, na huyu wa leo, kila mmoja anasema kweli kwa habari ya fedha zake mwenyewe, lakini hakuna anayeweza kumwambia mwenzake fedha zake.

Sasa hesabu yenyewe. Ndugu yetu amefanya kazi miezi 300, yaani miaka 25 kamili. Mishahara yake bora ya miaka mitatu, katika kumi ya mwisho, ni shilingi 840,000, 870,000 na 900,000 kwa mwezi. Wastani wake ni 870,000 kwa mwezi, yaani 10,440,000 kwa mwaka. Kanuni husema: chukua mshahara huo wa mwaka, gawanya kwa 580, zidisha kwa miezi ya michango. Kumi milioni, mia nne na arobaini elfu zikigawanywa kwa 580 ni 18,000. Mara 300 ni 5,400,000. Hiyo ndiyo pensheni yake nzima ya mwaka, kabla hajachukua mkupuo hata senti moja. Msomaji na aikumbuke namba hiyo, maana yote mawili, mkupuo na pensheni ya mwezi, hutoka humo.

Ndugu yetu alikuwa mwanachama wa PSPF, mfuko uliokuwa ukilipa nusu, basi sehemu yake ya mkupuo ni 40 katika mia. Arobaini katika mia ya 5,400,000 ni 2,160,000. Na hizo huzidishwa kwa 12.5. Mkupuo wake ni shilingi 27,000,000. Sehemu 60 zilizobaki ni 3,240,000 kwa mwaka. Zigawanywe kwa miezi 12, atapata 270,000 kila mwezi.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Watu wamezoea kuziita fedha hizi kiinua mgongo, na jina hilo humfanya mtu adhani kwamba ni zawadi ya Serikali kwa mgongo uliochoka, na kwamba pensheni ya mwezi ni jambo jingine. Sivyo. Kama ndugu yetu asingechukua mkupuo, pensheni yake ya mwezi ingalikuwa 450,000. Amepungukiwa 180,000 kila mwezi. Namba 12.5 ni miaka kumi na miwili na nusu, yaani miezi 150. Na 180,000 mara 150 ni 27,000,000 barabara. Mkupuo ni pensheni yake mwenyewe ya miezi 150, aliyoitwaa mbele kwa siku moja. Fedha atakazompa mwenye shamba wa Ipinda ndizo ambazo zingalimnunulia chumvi na sukari mwezi kwa mwezi.

Na kwa sababu hiyo, mwenye kuulizia sehemu katika mia ajue aulizalo. Kama angewekwa kwa kosa katika kundi la 35, mkupuo wake ungekuwa 23,625,000, na pensheni ya mwezi 292,500. Angekosa 3,375,000 mkononi, akaongezewa 22,500 kwa mwezi. Huyo hakuibiwa, ila mpango wake wa shamba umevunjika. Wala asijilinganishe na mwenzake wa zamani pasipo kujua tofauti. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mshahara wa mwisho wa mwaka, yaani 10,800,000, ungegawanywa kwa 540, na kizidisho kingekuwa 15.5, na sehemu nusu. Miezi ile ile 300 ingempa mkupuo wa 46,500,000 na pensheni ya 250,000 kwa mwezi. Tofauti ya mkupuo ni kubwa, nasi hatuwalaumu waliosikitika. Lakini hiyo ni habari ya kanuni, wala hairekebishwi kwa barua ya mtu mmoja.

Kosa linalorekebishwa kwa barua ni lile la kumbukumbu, na hasa la miezi. Ndugu yetu alipoletewa taarifa ya michango yake, alikuta miezi 286, wala si 300. Miezi 14 haimo. Alipoitazama vizuri aliona kwamba ni ile ya mara tu baada ya kuhamishwa toka kwa mwajiri wake wa zamani, ambaye hatutamtaja. Mshahara ulilipwa, na mchango wake ulikatwa katika kila hati ya malipo, lakini katika daftari la michango nafasi ni tupu.

Je, miezi 14 ni kitu gani katika miaka 25? Kwa mshahara wake, kila mwezi mmoja huongeza 18,000 katika pensheni nzima ya mwaka. Basi mwezi mmoja ukipotea hupunguza mkupuo kwa shilingi 90,000 na pensheni ya mwezi kwa 900. Miezi 14 hupunguza mkupuo kwa 1,260,000 na pensheni kwa 12,600 kila mwezi. Mkupuo hupungua mara moja tu, lakini zile 12,600 hupungua kila mwezi maadamu yu hai. Kwa miaka kumi ni 1,512,000, zaidi ya zile za mkupuo.

Kama angaliletewa jumla tupu ya shilingi 25,740,000, asingalijua. Angaliona ni fedha nyingi, angalishukuru, angalitia sahihi. Aliijua kwa sababu barua yake iliuliza "tangu mwezi gani hata mwezi gani," na kwa sababu mkewe alizitunza hati za mshahara za zamani katika sanduku la bati, juu, mahali mafuriko ya mto yasipofika. Hati za miezi ile 14 amezitoa nakala, amezipeleka kwa mwajiri wa sasa na kwa Mfuko pamoja, naye ameomba jibu la maandishi. Tunapoandika haya shauri bado linatazamwa. Amemwambia mwenye shamba angoje, na huyo, kwa kuwa ni mtu wa haki, amekubali kungoja hata mpunga uvunwe.

Neno moja la mwisho kwa wenzetu ambao siku yao haijakaribia. Ndugu yetu alipeleka barua miezi sita kabla, na hata hivyo wakati umembana, kwa maana kutafuta miezi iliyopotea ni kazi ya mwajiri wa zamani, wa sasa, na Mfuko, na kila mmoja humngoja mwingine. Kila ahamishwaye kituo na aombe taarifa ya michango yake kabla mwaka haujaisha, aihesabu miezi kwa kidole, maana karani aliyeandika hati zile angali yupo mezani pake na anakumbuka. Baada ya miaka 20 hayupo, na daftari lake limeliwa na mchwa. Sisi ni makarani. Kutwa twaandika hesabu za watu wengine na kuwataka watie sahihi. Si ukaidi kuomba hesabu yetu nasi iandikwe.