Bodi haijafa, waya ndio mnafiki

Hivi wauzaji wa vifaa vya elektroniki wataacha lini kuzika bodi zilizo hai? Kijana ananunua bodi ya ESP32, anaichomeka kwenye kompyuta, taa inawaka, kompyuta haioni kitu. Akirudi dukani anaambiwa, "Imeungua hiyo, chukua nyingine." Jamani, mmeipima kwa nini?

Waya kamili wa USB wa aina hii una nyuzi nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Waya wa kuchajia tu una zile mbili za umeme basi. Ndiyo maana taa inawaka! Taa inathibitisha umeme, haithibitishi mazungumzo. Na kwa nje nyaya hizi zinafanana kama mapacha. Kipimo chake ni simu: ichomeke kwa waya huohuo, chagua kuhamisha mafaili. Kama inachaji tu na kompyuta haiioni, ilhali kwa waya mwingine inaonekana, umempata mnafiki.

Kijana mmoja ninayemfahamu alikuwa na bodi mbili "zilizokufa". Alipobadilisha waya, zote mbili zikatokea kwenye Device Manager ya Windows, zikiitwa "USB2.0-Serial" na alama ya njano. Wengi wangekata tamaa hapo, kumbe hiyo ni habari njema: data inafika, kinachokosekana ni draiva. ESP32 yenyewe haiongei USB. Pembeni yake kuna chipu ya kutafsiri, na kwake ilikuwa CH340. Akaweka draiva ya mtengenezaji wa chipu hiyo, likatokea jina "USB-SERIAL CH340 (COM5)". Yako ikiwa CP2102, draiva yake ni nyingine, kwa hiyo soma maandishi ya chipu kwanza.

Bado programu iligoma kuingia, ikaandika "Failed to connect to ESP32". Akashikilia kitufe cha BOOT, akabonyeza EN na kuiachia, kisha akaachia BOOT. Bodi ikaingia hali ya kupokea programu, na kazi ikaendelea. Kipande kinachopokea programu kimewekwa ndani ya chipu tangu kiwandani, kwenye kumbukumbu isiyofutika. Programu yako mbovu haiwezi kukiua.

Sikatai, bodi hufa. Ikiwa inachoma kidole mara tu ukiichomeka, au haionekani kwa waya uliopimwa kwenye kompyuta mbili, hapo tuagane nayo.

Lakini muuzaji anayehukumu bila kuweka waya mmoja wa data mezani anakula pesa ya mwanafunzi bure. Nyaya za kuchajia ziuzwe, ila ziandikwe hivyo: KUCHAJI TU. Maneno mawili hayo yanamshinda nani?