Usiniambie utanunua, nipe hela

Ndugu wasomaji, na nyinyi mnaotuletea mafunzo ya biashara hapa kambini, leo nina ugomvi na swali moja lililo kwenye fomu zenu: "Je, soko lipo?" Kijana anaenda kuuliza watu ishirini, wote wanajibu ndiyo, anaandika "soko lipo" na fomu inapita. Sasa mimi nauliza, nani atamwambia kijana wa watu hapana, wakati kusema ndiyo hakumgharimu kitu?

Kijana mmoja wa kikundi chetu alirudi Rumonge na wazo zuri. Mnajua ndagala nyingi za kwetu zinaanikwa chini kwenye mchanga, na ukizitafuna meno yanalia. Yeye alitaka kuuza za kichanja, yaani meza ya wavu wa waya iliyoinuliwa kama mita moja kutoka chini, ambapo upepo unapita juu na chini. Kichanja si jambo jipya, FAO imekifundisha kwenye pwani ya Burundi kwa miaka mingi. Jua likiwa kali, ndagala zinakauka kwa siku moja badala ya siku tatu za mchangani.

Aliuliza watu, wakasema wamechoka na mchanga. Basi akalipa chumba karibu na soko miezi sita, akanunua mizani na magunia mawili ya ndagala. Pesa yake ya kurudi nyumbani ikaishia hapo, pamoja na akiba ya kaka yake. Wateja walikuja, wakasifu, wakaondoka. Mvua ikaanza, ndagala zikavuta unyevu, zikaota ukungu ndani ya gunia. Mwezi wa tatu alifunga.

Watu wakasema vijana hawajui kazi. Si kweli! Alifanya kila kitu alichofundishwa. Hakufundishwa kuuza kwanza.

Shangazi yake, ambaye hajawahi kujaza fomu yoyote, ndiye aliyelipata jibu. Alinunua beseni moja tu la ndagala mbichi ufukweni, akaomba nafasi kwenye kichanja cha jirani. Sokoni akaweka marundo mawili ubavu kwa ubavu: vikombe ishirini vya mchangani kwa bei ya kawaida, na ishirini vya kichanja kwa bei iliyozidi theluthi moja. Hakuhubiri kitu. Aliyeuliza alijibiwa, na aliyesema "nipe, nitalipa kesho" hakuandikwa kuwa amenunua.

Kufika saa sita za mchana, vya mchangani vilikuwa vimekwisha. Vya kichanja vilitoka vitatu, na viwili kati ya hivyo alivichukua wifi yake. Shangazi akavifuta. Wifi ananunua kwa undugu, alisema, siyo kwa ndagala. Kwa hiyo mteja alikuwa mmoja.

Hapo kijana angekata tamaa, au angekopa zaidi. Shangazi akawauliza waliokataa, siyo "mnapenda nini?", bali "zile ulizonunua jana ulizifanyaje?" Wakamwambia wanazichambua na kuziosha mara mbili tatu kabla ya kupika. Kwa nini walipie kazi wanayoifanya wenyewe bure?

Kesho yake akapeleka vilivyobaki kwenye stendi ya magari ya Bujumbura. Abiria anayepeleka zawadi kwa watu wake mjini hataki kuaibishwa na mchanga. Wageni kumi na wanne walinunua, hela mkononi, bei ileile. Mteja alikuwepo kumbe, ila siyo pale chumba kilipokodiwa.

Na bado shangazi hakukodi kitu. Alisubiri mbalamwezi. Nyinyi mliokulia bara huenda hamjui: ndagala huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, mitumbwi mingi inapumzika. Beseni likapanda bei. Akalazimika kupandisha bei yake pia, stendi wakanunua sita tu. Ndiyo akajua kwamba kuna siku kama wiki moja kila mwezi ambazo biashara hii haiwezi kulipa pango la chumba. Jaribio la giza peke yake lingemdanganya vizuri sana.

Nakubali, mabeseni mawili hayasemi yote. Hayakuonyesha mvua, wala watu wakiiga siku ya pili. Lakini hasara yote ingekuwa beseni, siyo akiba ya kaka.

Basi mabwana wa miradi, mara ngapi mnamwambia kijana alete mkataba wa chumba ndipo mtoe ruzuku? Geuzeni. Mpeni pesa ya beseni moja. Arudi na daftari: nani asiyemjua alilipa, kiasi gani, taslimu, na nani alirudi kununua tena. Wifi zake wafutwe humo. Na ukurasa mmoja uwe wa siku za mbalamwezi.

Shangazi mpaka leo hana chumba. Siku za giza yuko stendi na beseni kichwani, wiki ya mwezi mpevu anauza mawese.